Watu 3,500 Walitoka Wapi? Kazi ya Kutafsiri Ripoti ya Mwisho ya Mradi

"Wananchi 3,500 wa vijiji viwili sasa wanapata maji safi na salama." Sentensi ya namna hii haikosekani katika ripoti ya mwisho ya mradi wa maji vijijini. Kwa mfasiri anayelipwa kwa ukurasa ni zawadi, maana ni fupi, haina msamiati mgumu, na ndani ya dakika moja imeshakuwa Kiingereza. Ila ofisa wa mfadhili atakayeipokea kule Brasels au Washington ataiona kama dai. Atafungua mkataba uliosainiwa miaka miwili mitatu nyuma, atatafuta ahadi ile iliandikwa kwa maneno gani, na akikuta maneno hayalingani ataandika barua ya maswali. Barua hiyo ikishatoka, malipo ya mwisho yanasubiri.

Malipo hayo huwa yanahitajika sana. Wafadhili wengi hubakiza sehemu ya ruzuku mpaka ripoti ya mwisho ikubaliwe, na kufikia wakati huo shirika limekwishalipa mafundi au linadaiwa na muuza mabomba. Kwa hiyo ripoti ya mwisho, hata iwe na picha nzuri kiasi gani za akina mama na ndoo zao, kwanza kabisa ni hati ya kudai fedha. Anayeitafsiri anashughulika na hesabu na ahadi, kisha ndipo lugha.

Ili mambo yaeleweke, tufuate ripoti moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mradi wenyewe nimeutunga kutokana na mambo yanayojirudia katika ripoti za aina hii, na tarakimu zake ni za mfano. Shirika dogo la kanda ya kati ya Tanzania limepata ruzuku ya yuro 120,000. Limechimba kisima kirefu, likajenga tenki, likalaza mabomba na kujenga vilula 14 katika vijiji viwili. Mratibu na mhasibu wameandika ripoti kwa Kiswahili, kwa sababu kila anayejua kilichotokea, kuanzia fundi hadi mtendaji wa kijiji, anakieleza kwa Kiswahili, na mihtasari yote ya vikao iko katika lugha hiyo. Sasa inatakiwa iende kwa mfadhili kwa Kiingereza.

Jambo la kwanza ambalo mfasiri mgeni halijui ni kwamba ripoti hii inarudi nyumbani. Mradi ulizaliwa kwa Kiingereza: andiko la maombi, jedwali la viashiria, bajeti na mkataba vyote vilikuwa vya Kiingereza. Baadaye ukaelezwa vijijini kwa Kiswahili, na huko kila kitu kikapata jina jipya la mdomoni. Kifungu cha bajeti ambacho kwenye mkataba kina jina refu la maneno saba, ofisini kinaitwa tu "mabomba". Kiashiria chenye masharti matatu kinaitwa "watu waliopata maji". Mfasiri akitafsiri hayo majina ya mdomoni moja kwa moja, anatengeneza majina ya tatu ambayo hayamo kwenye mkataba wala kwenye vitabu vya mhasibu. Mkaguzi wa hesabu akishika ripoti mkono mmoja na bajeti mkono mwingine, hawezi kujua kama anasoma habari za kifungu kilekile.

Ndiyo maana mfasiri mzoefu haanzi na ripoti. Anaomba kwanza mkataba pamoja na viambatisho vyake, bajeti ya mwisho iliyoidhinishwa, jedwali la viashiria, ripoti za vipindi vilivyopita, na barua zote ambazo mfadhili aliridhia mabadiliko yoyote. Majina ya vifungu na viashiria anayanakili kama yalivyo, hata kama Kiingereza chake kimekaa vibaya. Hapo si mahali pa kuonyesha ufundi wa lugha.

Sasa turudi kwa wale watu 3,500. Namba iliyonyooka kiasi hicho inapaswa kumtia mtu wasiwasi. Sera ya Taifa ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka kipimo kwamba kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250, nacho kisiwe mbali zaidi ya mita 400 kutoka kwenye makazi. Vilula 14 mara watu 250 ni 3,500 kamili. Kwa maneno mengine, hakuna aliyehesabu watu. Mtu amehesabu vilula, akazidisha. Hiyo 3,500 ni idadi ya watu ambao miundombinu ingeweza kuwahudumia kwa mujibu wa usanifu, na haituambii ni wangapi wanaokwenda kuchota. Ukiendelea kusoma, kwenye utangulizi wa ripoti hiyohiyo unakuta kwamba vijiji vyote viwili vina wakazi 3,200.

Kiini cha tatizo ni kwamba "matokeo" kwa Kiswahili cha ofisini hubeba mambo mawili ambayo wafadhili huyatenganisha kabisa. Kuna kitu kilichokamilika kwa fedha za mradi, mfano kilula kilichojengwa au semina iliyofanyika. Kisha kuna badiliko katika maisha ya watu, mfano kaya zilizoacha kuchota maji ya korongo na kuanza kutumia kilula. Mkataba huwa na safu yake kwa kila kimoja, na kila safu ina kipimo chake. Sentensi ya ripoti yetu imechukua kitu cha safu ya kwanza na kukivika nguo za safu ya pili. Mfasiri akiipeleka hivyo hivyo, amesaidia kutoa dai ambalo shirika halina ushahidi nalo.

Hata "maji safi na salama" yana mtego wake. Kwetu hayo ni maneno ya kawaida, kila kiongozi anayekata utepe wa mradi huyasema, na maana yake ni maji ya bomba tu, tofauti na ya dimbwi. Lakini Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ambao kwa pamoja hufuatilia huduma za maji duniani, wana ngazi za huduma, na ngazi ya juu kabisa jina lake la Kiingereza linagusa huohuo usalama. Ili huduma ihesabiwe katika ngazi hiyo, maji yawe nyumbani kwa mtu, yapatikane yanapohitajika, na yasiwe na vijidudu vya kinyesi wala kemikali zinazopewa kipaumbele. Kilula cha mtaani hakifiki huko hata kama maji yake ni matamu. Kinaweza kufika ngazi ya chini yake, inayodai kwamba chanzo kiwe kimeboreshwa na mtu atumie muda usiozidi dakika 30 kwenda, kupanga foleni na kurudi. Katika mkataba wa mradi wetu kiashiria kiliandikwa kwa masharti hayo ya dakika 30, na lengo lilikuwa watu 2,500.

Mfasiri anafanya nini basi? Hana ruhusa ya kufuta 3,500 na kuweka namba anayoiona ina akili. Ripoti si yake. Anachoweza ni kuuliza, na swali lake liwe jembamba kiasi kwamba haliwezi kujibiwa kwa "ndiyo" ya adabu. Asiulize kama namba ni sahihi. Aulize: hii 3,500 imetoka kwenye hesabu ya vilula au kwenye utafiti wa kaya? Kama ulifanyika utafiti, zilihojiwa kaya ngapi, mwezi gani, na ngapi zilisema zinatumia kilula ndani ya dakika 30?

Majibu ya mratibu yanafungua mlango. Utafiti ulifanyika mwezi wa tatu, zikahojiwa kaya 120, na 78 zilitimiza sharti. Hiyo ni asilimia 65. Ukiipeleka kwa wakazi 3,200 unapata kama watu 2,080, dhidi ya lengo la 2,500. Mradi haukufikia lengo. Umefikia asilimia 83 ya lengo, na kwa mfadhili anayeijua kazi hilo si kosa la kutisha. Linalotisha ni kusoma 3,500 kwenye ukurasa wa pili kisha kukutana na asilimia 65 kwenye kiambatisho cha nne.

Mitego mingine inapita haraka zaidi. Kiswahili hakimtofautishi mwanamke na mwanamume katika kitenzi, na "mwenyekiti wa kamati ya maji alisema" inaweza kuwa yeyote. Kiingereza kinamlazimisha mfasiri kuchagua mara tu kiwakilishi kinapohitajika, na asipouliza, mazoea yanamchagulia mwanamume. Kurasa nane mbele, jedwali linasema kamati zote mbili zinaongozwa na wanawake. Vivyo hivyo "robo ya kwanza": kwa halmashauri ni Julai hadi Septemba, kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, ilhali kwa mfadhili anayefuata kalenda ni Januari hadi Machi. Na pampu inayowashwa "saa mbili hadi saa sita" haifanyi kazi usiku wa manane. Haya anayakamata mtu yeyote aliye macho, hivyo tusikae hapo.

Tukae kwenye fedha, kwa sababu ndiko ripoti nyingi hukwama. Maelezo ya tofauti za bajeti katika ripoti yetu yana sentensi hii: "Kifungu cha mabomba kilivuka bajeti kutokana na kupanda kwa bei sokoni." Ni kweli tupu, na haitoshi hata kidogo.

Bajeti iliidhinishwa kwa mita 8,000 za bomba, kila mita shilingi 9,000, jumla shilingi milioni 72. Kwa kiwango cha kubadilishia kilichotumika kwenye bajeti, shilingi 2,400 kwa yuro moja, hiyo ni yuro 30,000. Mwisho wa mradi vitabu vinaonyesha shilingi milioni 84. Msomaji wa sentensi ya Kiswahili atadhani mita ni zilezile, ila bei imepanda. Mfasiri akichungulia kiambatisho cha manunuzi anakuta mita 7,500, kila moja shilingi 11,200. Kumbe bei ilipanda kuliko inavyoonekana, na bomba lililonunuliwa lilikuwa fupi kuliko lililoahidiwa.

Tofauti ile ya shilingi milioni 12 ina sehemu mbili zinazovutana. Mita 500 ambazo hazikununuliwa, kwa bei ya zamani ya 9,000, zilipunguza matumizi kwa milioni 4.5. Nyongeza ya shilingi 2,200 kwa kila mita, kwenye mita 7,500 zilizonunuliwa, ilipandisha matumizi kwa milioni 16.5. Ukitoa ya kwanza kwenye ya pili unabaki na milioni 12. Halafu ipo sehemu ya tatu ambayo shambani haionekani kabisa. Fedha za mfadhili zilipoingia benki zilibadilishwa kwa shilingi 2,500 kwa yuro, si 2,400. Kwa hiyo milioni 84 ambazo kwa kiwango cha bajeti zingekuwa yuro 35,000 zikawa yuro 33,600. Mhasibu anayetazama shilingi anaona kifungu kimezidi kwa karibu asilimia 17. Ofisa wa mfadhili anayetazama yuro anaona asilimia 12. Wote wawili wako sahihi, na ripoti isiyosema asilimia hizo ni za sarafu gani itawafanya wadhaniane kuwa hawajui hesabu.

Hapo mfasiri ana kishawishi cha kusaidia, abadilishe shilingi kuwa yuro kwa kiwango cha leo alichokiona kwenye simu. Asithubutu. Kiwango cha ripoti huwekwa na mkataba. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huchapisha viwango vyake kila mwezi. Kazi ya mfasiri ni kuhakikisha kila namba ina jina la sarafu pembeni yake na kwamba imenakiliwa bila kuguswa, isipokuwa nukta na mkato. Ripoti ikienda kwa Mjerumani kwa Kijerumani, 1,250 ya kwetu itasomeka kama moja na robo, kwa hiyo lazima iandikwe 1.250. Kosa hilo halionekani kwa macho ya mtu anayefuatilia maneno.

Aangalie pia jedwali linatoa nini kwenye nini. Wengine hutoa matumizi kwenye bajeti, hivyo kifungu kilichozidi kinatokea na alama ya kutoa au ndani ya mabano. Wengine hufanya kinyume. Mhasibu wetu ameandika "tofauti chanya" akimaanisha namba haina alama ya kutoa. Ukiitafsiri kwa neno la Kiingereza linaloashiria habari njema, umemwambia mfadhili kwamba fedha zimebaki.

Lililo zito zaidi ni ruhusa. Kila mkataba unasema ni kiasi gani shirika linaweza kuhamisha kutoka fungu moja hadi jingine bila kuomba, na asilimia peke yake haisemi kitu mpaka ujue ni asilimia ya nini. Masharti ya jumla ya ruzuku za Umoja wa Ulaya kwa miaka mingi yameruhusu uhamisho kati ya mafungu makuu bila mkataba wa nyongeza, mradi badiliko lisizidi asilimia 25 ya kiasi cha awali cha kila fungu linaloguswa. Kanuni za ruzuku za serikali kuu ya Marekani zinatazama upande mwingine: kwa ruzuku kubwa, idara inayotoa fedha inaweza kuzuia uhamisho ambao kwa jumla unazidi asilimia 10 ya bajeti yote. Yuro 3,600 za mabomba yetu ni asilimia 12 ya kifungu, lakini ni asilimia 3 tu ya ruzuku nzima. Chini ya mkataba unaoweka kikomo cha asilimia 10 kwa kila kifungu, zilihitaji kibali cha maandishi. Chini ya kikomo cha asilimia 10 ya bajeti yote, hazikuhitaji.

Sasa soma sentensi inayofuata katika ripoti ya Kiswahili: "Mfadhili alijulishwa kuhusu ongezeko hilo." Alijulishwa na nani, lini, na alijibu nini? Kujulishwa si kuridhia. Mfasiri mwenye huruma anaweza kuona Kiingereza cha kuridhia kinapendeza zaidi, na mtu aliyechoka anaweza kukichagua bila hata kufikiri. Jibu liko kwenye barua pepe moja, na hiyo ndiyo ya kuombwa. Ikipatikana, tarehe yake inaingia kwenye sentensi. Isipopatikana, sentensi inabaki "alijulishwa", na mratibu anaambiwa mapema kwamba hapo pataulizwa.

Neno lingine la kuliogopa kwenye kurasa za fedha ni "posho". Kenya mtu hupeleka mahindi kwenye kinu cha posho, na Uganda posho ni ugali uliomo kwenye sahani. Katika ripoti ya Kitanzania ni fedha anayopewa mtu, na aina zake ni nyingi: ya kujikimu kwa anayelala nje ya kituo chake cha kazi, ya chakula cha mchana, ya usafiri, na ile ya kikao, ambayo mtu hupewa kwa kuhudhuria tu. Wafadhili wengi hulipa za kwanza bila shida na hukataa hiyo ya mwisho. Mhasibu wa mradi wetu ameandika mara sita "posho kwa wajumbe wa kamati" bila kusema ipi. Ukizitafsiri zote kwa neno moja la jumla, gharama zote sita zitashukiwa kwa pamoja. Hati za malipo zinaonyesha kwamba nne zilikuwa nauli, moja ya kujikimu, na moja kweli ilikuwa ya kikao. Nauli iitwe nauli. Ile ya kikao nayo iitwe jina lake, kwa sababu kuificha ndani ya nauli ni kughushi, na ughushi wa namna hiyo mfasiri anaufanya kwa mkono wake mwenyewe.

Tumefika kwenye sura ya mafunzo yaliyopatikana, ambayo katika ripoti nyingi huwa ndiyo dhaifu kupita zote. Ya kwetu inasema: "Mradi ulikumbana na changamoto ya ardhi katika kitongoji kimoja, ambayo ilitatuliwa kwa kushirikiana na uongozi wa kijiji. Tumejifunza kuwa ushirikishwaji wa jamii ni muhimu."

Ni uungwana wa Kiswahili. Ripoti itasomwa pia na mtendaji, na diwani, na mwenye shamba mwenyewe au wanawe, na hakuna anayetaka kumwanika jirani. "Changamoto" inafunika, "kushirikiana" inapoza. Kwa msomaji wa hapa, anayejua kusoma yaliyofichwa, habari imefika. Kwa ofisa wa mfadhili haijafika, maana ukiondoa adabu, sentensi ya Kiingereza inabaki tupu. Ushirikishwaji ni muhimu, hilo alilijua kabla hajatoa yuro hata moja. Somo analoweza kulitumia lina mambo matatu: kilichotokea, sababu yake, na kitakachofanywa tofauti safari nyingine.

Mfasiri hawezi kubuni somo. Ila anaweza kulitafuta mahali lilipolala, na mara nyingi limelala kwenye mihtasari ya vikao iliyoambatishwa nyuma, ambayo hakuna aliyeagiza itafsiriwe. Katika muhtasari wa mwezi wa tano wa mwaka wa pili anakuta habari kamili. Mwenye shamba alikuwa ameruhusu kwa mdomo mtaro upite kwake. Alipofariki, warithi wakakataa. Mtaro ukasimama, na baada ya wiki kadhaa ikaamuliwa kilula kilichokusudiwa kwa kitongoji kile kijengwe karibu na shule, nusu kilomita nyuma.

Nusu kilomita ndiyo zile mita 500 za bomba ambazo hazikununuliwa.

Jedwali la bajeti, kiashiria kisichofikia lengo na ile "changamoto ya ardhi" ni tukio moja lililoandikwa mara tatu na watu watatu ambao hawakusomana. Mhasibu aliandika bei, afisa ufuatiliaji akaandika asilimia 65, mratibu akaandika ushirikishwaji. Kitongoji kile ndicho ambacho kaya zake nyingi zilijibu kwamba hazitumii kilula, kwa kuwa kimekuwa mbali. Na kwa kuwa utafiti ulifanyika mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zipo, visima vya kuchimba kwenye mchanga wa korongo vilikuwa na maji ya bure karibu na nyumbani. Mfasiri mara nyingi ndiye mtu pekee anayesoma ripoti nzima neno kwa neno ndani ya wiki moja, na ndiye aliye mahali pazuri pa kuona vipande hivi vinaungana. Mratibu anazijua habari zote, ila ameishi nazo kiasi kwamba haoni kwamba hazimo kwenye karatasi.

Hapo pana mpaka wa kuheshimiwa. Mfasiri haandiki upya sura ya mafunzo kwa Kiingereza kisha kuipeleka. Anamrudishia mratibu kwa Kiswahili, akimweleza alichokiona: kwamba ukurasa wa 6, wa 14 na wa 19 vinazungumzia jambo moja, na muhtasari wa mwezi wa tano unaleta sababu. Mratibu ndiye anayeamua. Anaweza kuandika upya kwamba ridhaa za ardhi zilichukuliwa kwa mdomo. Kwamba zilipopingwa mradi ulipoteza muda na kitongoji kimoja kikabaki mbali na maji. Na kwamba mradi ujao utapata ridhaa ya maandishi mbele ya halmashauri ya kijiji, yenye sahihi za wanafamilia, kabla mtaro haujapimwa. Warithi hawatajwi, marehemu hatajwi, na adabu haijavunjika. Anaweza pia kusema hapana, ibaki kama ilivyo. Basi mfasiri anaitafsiri ilivyo, na "changamoto" inabaki na ufinyu wake bila kuongezwa chumvi wala kupunguzwa.

Swali la mafunzo lina upande wa pili ambao ni mgumu zaidi. Kiswahili cha ripoti hupenda kutenda bila mtenda: iliamuliwa, ilikubaliwa, ilibainika. Kiingereza cha wafadhili kinataka mtu. Nani aliamua kusogeza kilula, mkandarasi, kijiji au shirika? Katika mradi wetu jibu lina uzito, kwa sababu kama shirika liliamua peke yake, limebadilisha kazi iliyomo kwenye mkataba. Kama ulikuwa uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji, kuna muhtasari wenye mhuri. Mfasiri asijaze nafasi ya mtenda kwa kukisia. Aiache wazi kama ilivyo na kuiweka kwenye orodha ya maswali.

Orodha hiyo ndiyo chombo kikuu cha kazi hii, na ni karatasi ya kawaida sana. Ina safu tano: ukurasa, sentensi ya Kiswahili kama ilivyo, swali, jibu, na jina la aliyejibu pamoja na tarehe. Kwa ripoti ya kurasa 30 ni jambo la kawaida kuwa na maswali zaidi ya 20, na mratibu anayeletewa moja moja kwa simu atachoka kufikia la tano, kwa hiyo yapelekwe kwa pamoja, ya fedha yakiwa juu. Majibu yakibadilisha namba au madai, ripoti ya Kiswahili nayo irekebishwe. Ikisahaulika, kijiji kitabaki na nakala inayosema 3,500 na mfadhili atakuwa na nyingine inayosema 2,080, na siku mgeni wa mfadhili atakapotembelea, zote mbili zitakuwa mezani.

Kabla ya kutuma, watu wawili wanakaa na nakala zote mbili. Mmoja anasoma kwa sauti tarakimu tu za Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, mwingine anaweka alama kwenye za Kiingereza. Hakuna anayesoma maneno. Inachosha, na inakamata sifuri iliyodondoka, mwaka uliogeuka, na kiambatisho namba 4 kilichoitwa 5.

Orodha ya maswali haitumwi kwa mfadhili. Inawekwa kwenye faili moja na hati za malipo na barua za vibali. Kwa ruzuku za Marekani kumbukumbu hizo hutunzwa miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya fedha iwasilishwe, na ukaguzi ukianza kabla ya hapo, mpaka umalizike. Mkaguzi akija mwaka wa pili na kuuliza 2,080 imetoka wapi, mratibu aliyeandika ripoti huenda ameshahamia shirika lingine. Jibu lake, lenye jina na tarehe, litakuwa kwenye safu ya nne.